Naomba ushauri: mafaili ya flashi yamegeuka shotikati, nikiyarudisha yanapotea tena

Wakuu, habari zenu. Niko Masasi, Mtwara. Tangu nichomeke flashi kwenye kompyuta ya steshenari moja kuprinti mitihani, kila folda imekuwa shotikati ya KB 1 au 2. Nafasi iliyotumika bado inasoma GB 6, kwa hiyo mafaili yapo, yamefichwa tu. Flashi yangu inasoma E, nikafungua cmd nikaandika:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Folda zikarudi na mitihani ikafunguka, nikashukuru sana. Nikafuta shotikati zote pamoja na faili moja geni linaloishia na .vbs.

Shida ni kwamba nikichomeka tena kwenye laptop yangu, shotikati zinarudi. Kwenye Task Manager naona wscript.exe inafanya kazi muda wote. Nikiisimamisha, flashi inabaki safi mpaka niwashe laptop upya, kwa hiyo kirusi kimeshahamia kwenye mashine na kuna mahali kinajiwasha. Folda ya Startup nimekuta tupu. Nitafute wapi kwingine, Registry kwenye Run au Task Scheduler? Na flashi niiformati kabla au baada ya kusafisha laptop?