Kioo cha 95,000 au simu mpya ya 330,000? Ndani kuna USDT zangu

Mwana_Chikongola
Wakuu habari za jioni. Simu yangu imeanguka juzi sokoni, kioo kimepasuka na upande wa chini hausikii kidole tena. Fundi mmoja hapa Mtwara mjini anataka 95,000 abadilishe kioo, na amesema akimaliza ataiflashi iwe nyepesi maana imejaa sana. Dukani nimeona mpya kwa 330,000. Nikinunua mpya, hii ya zamani naifuta nampa mdogo wangu yuko Masasi. Kipi bora? Ndani kuna vijiUSDT vyangu, zile dola za kidijitali ninazolipwa kwa kazi za mtandaoni, sitaki vipotee.

KoroshoGhafi
Nunua mpya. Vioo vya kopi vinakufa ndani ya miezi mitatu, nimeshavibadilisha viwili.

FundiRahaleo
Maelezo hayajitoshelezi. Simu aina gani? Kioo cha juu tu ndicho kimepasuka au na picha ina madoa? Na kwa nini aiflashi? Kubadili kioo hakuhitaji kufuta kitu. Fundi anayetaka kuflashi simu ya kioo muulize mara mbili.

Nahodha_Shangani
Wekeni kioo pembeni kwanza. Mwana, hizo USDT ziko kwenye akaunti ya soko la sarafu za mtandaoni ulikojisajili kwa barua pepe na kitambulisho, au kwenye waleti yako mwenyewe? Kama ni waleti, yale maneno 12 umeyaandika wapi?

Mwana_Chikongola
Ni waleti, niliishusha Play Store mwaka juzi. Maneno gani mkuu? Mimi nafungua kwa kidole.

Nahodha_Shangani
Basi usimpe fundi, usifute, usimpe mdogo wako. Chaji iwe juu, na uisome hii taratibu.

Siku ile ulipobonyeza kutengeneza waleti, simu ilibahatisha namba kubwa mno, sawa na kurusha shilingi mara 128 na kuandika kila ilivyolala. Namba hiyo ikageuzwa maneno 12 kutoka orodha maalumu yenye maneno 2048 ya Kiingereza, ili binadamu aweze kuiandika bila kuchanganyikiwa. Lazima ilitaka kukuonyesha, kwenye skrini huwa imeandikwa `Secret phrase` au `Recovery phrase`. Wengi wanabonyeza "baadaye" na hiyo baadaye haifiki.

USDT zenyewe hazimo kwenye simu. Zimo kwenye daftari la mtandao, na daftari hilo halijui jina lako wala laini yako, linatambua sahihi ya ufunguo tu. Ufunguo huo unazaliwa na yale maneno. Kidole chako na PIN ni komeo la apu kwenye simu hiyo moja. Simu ikifutwa, komeo na ufunguo vyote vimekwenda, na kama maneno hayapo popote, hakuna wa kukutengenezea ufunguo mwingine.

Mama_Nangwanda
Mbona mnamtisha mtoto? PIN ikipotea unaenda ofisi ya mtandao na namba ya NIDA, wanakubadilishia. Mimi mwaka jana walinirudishia siku hiyohiyo na salio langu lote.

Nahodha_Shangani
Mama shikamoo. Hiyo ni pesa ya simu, kampuni ndiyo inayoshika daftari na inakujua, ndiyo maana inaweza kukurudishia. Huku hakuna ofisi. Waliotengeneza apu hawana maneno ya mtu, hata uwalilie.

Mama_Nangwanda
Marahaba. Sasa pesa isiyo na ofisi mnaiwekea nini?

Kiduku_Lindi
Ndiyo maana mimi naacha kila kitu kwenye soko. Nikipoteza simu naingia kwa barua pepe, napiga picha ya kitambulisho, nimerudi. Maneno mnayahitaji ya nini?

Nahodha_Shangani
Ni njia halali kwa hela ndogo ya kuzungusha, sikatai. Ila hapo ufunguo si wako. Waliokuwa na hela kwenye soko la FTX lilipoanguka Novemba 2022 walikuwa na barua pepe zao na vitambulisho vyao, na bado mlango ulifungwa. Kila upande una shimo lake, chagua unaloliweza.

Bi_Mikindani
Ngoja niseme yangu, labda yatamsaidia kijana.

Nilikuwa napokea malipo ya tafsiri kwa USDT. Maneno yangu 12 nilikuwa nayo, tena yote kwa mpangilio wake. Niliyapiga picha ya skrini. Picha ikakaa wapi? Kwenye simu ileile. Siku moja nimekwenda Msanga Mkuu msibani, narudi, tunashuka kwenye chombo, mkono mmoja mtoto, mwingine kikapu, simu ikaponyoka ikaingia majini. Kijana mmoja alizamia akaipata baada ya kama nusu saa. Tuliiweka kwenye mchele siku tatu, haikuwaka. Nikaipeleka kwa fundi, akaniambia chumvi imeshakula ubao.

Sikushtuka, maana laini nilirudishiwa, barua pepe nikaingia, picha nyingi zikarudi. Nikanunua simu, nikaishusha apu, ikaniuliza: una waleti au unatengeneza mpya? Nikabonyeza mpya, nikijua itanitambua kwa namba. Ikafunguka, salio sifuri. Nililia nikisema nimeibiwa. Wiki nzima nawashutumu watu wa apu, kumbe ile ilikuwa waleti nyingine kabisa, yenye maneno mengine. Ile picha ya skrini haikuwa kwenye zilizorudi, hifadhi yangu ilikuwa inabeba picha za kamera tu.

Linaloniuma si kupotea. Anwani yangu ninayo kwenye meseji za mteja. Naingia Tronscan, naibandika, naziona. USDT 412. Zipo vilevile mpaka leo, hakuna aliyezigusa, na mimi siwezi kuzigusa.

KoroshoGhafi
Pole sana dada. Hiyo mbaya kuliko kuibiwa.

MtaalamuRecovery
Dada yangu nifuate inboksi, nina programu ya kurudisha waleti yoyote ndani ya saa 24. Malipo nusu kwanza.

Nahodha_Shangani
Usimfuate huyo. Mtu hana hata neno moja, utabahatisha nini? Anachotaka ni hiyo nusu ya kwanza, au akutumie fomu ujaze maneno ya waleti yako mpya. Wasimamizi mtoeni.

Kiduku_Lindi
Lakini kuna watu wamerudisha kweli, tusidanganyane.

Nahodha_Shangani
Wapo, na mimi ni mmoja. Tofauti ni kiasi gani kimebaki. Maneno yangu niliyaandika kwenye daftari, daftari nikalitia kwenye sanduku la mbao Naliendele kwa bibi. Mchwa wakaingia. Walikula ukingo wa kulia wa ukurasa, maneno mengi yakabaki vichwa bila mikia, na mstari wa saba wakaula wote.

Vichwa havikunisumbua. Orodha ile imetungwa hivi kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha, hakuna maneno mawili yanayofanana hapo. Palipobaki `coco` panakuwa `coconut`, hakuna jingine. La saba ndilo lilikuwa kazi. Lakini nafasi yake nilikuwa naijua, kwa hiyo ni majaribio 2048 tu. Na neno la mwisho lina sehemu ndogo ya kuhakiki mengine, hivyo kati ya hayo 2048 yanayokubalika ni kama 128. Kila linalokubalika linatoa anwani yake, nikalinganisha na anwani yangu ya zamani mpaka ikalingana. Lilikuwa `goat`. Nilifanya kwenye kompyuta ya mezani iliyochomolewa intaneti, si kwenye tovuti ya mtu. Fedha nikahamisha siku ileile, ndiyo maana nayataja hapa bila hofu.

Neno moja ni jioni moja. Kumi na mawili yote, kompyuta zote duniani hazikusaidii.

Kiduku_Lindi
Kwa hiyo ukikosea neno apu inakataa yenyewe. Basi hakuna hatari ya kuandika vibaya.

Nahodha_Shangani
Nusu yake ni kweli. Ukiandika neno lisilomo kwenye orodha inakataa. Ukiandika jingine lililomo, kwa maneno 12 mara moja kati ya 16 hivi inakubali, halafu inakufungulia waleti tupu ya kwako mwenyewe. Andika `boat` badala ya `goat` kwa mwandiko wa haraka uone. Mpangilio ukiuvuruga ni hivyohivyo.

Mwana_Chikongola
Jamani nimeogopa. Nikihamisha data kwa kebo kwenda simu mpya si itakuja na waleti?

Nahodha_Shangani
Itakuja apu, haitakuja na ufunguo. Ikifunguka itakuuliza maneno. Labda kama uliwahi kuwasha hifadhi yake ya Google Drive na ukaiwekea nywila unayoikumbuka.

Mwana_Chikongola
Sijawasha. Na sehemu ya kuonyesha maneno iko chini kabisa ya skrini, hapaguswi.

FundiRahaleo
Nunua kebo ya OTG, chomeka mausi ya kompyuta kwenye simu. Kishale kinatokea, unabonyeza popote. Haizidi elfu kumi na tano vyote viwili. Ukitaka kioo, hakikisha mnaandikiana: hakuna kuflashi, na ukae hapohapo ukiangalia.

Mwana_Chikongola
(kesho yake) Mausi imekubali! Ila sehemu ya maneno inataka tarakimu sita nilizoweka mwaka juzi, kidole inakikataa. Sizikumbuki. Kutuma inakubali kidole. Zipo USDT 310.

Nahodha_Shangani
Usibahatishe tarakimu hovyo, apu nyingine zinajifunga. Huna haja ya maneno ya zamani maadamu unaweza kutuma. Tafuta simu nyingine, tengeneza waleti mpya, andika maneno yake kwa kalamu. Kabla ya kuweka senti, nakili anwani, futa apu, irudishe kwa maneno uliyoandika. Anwani ikija ileile, umeandika sawa. Tuma 10, zikifika tuma zilizobaki. Ni mtandao gani?

Mwana_Chikongola
TRC20. Natuma hizo 10 inaniambia sina TRX.

Nahodha_Shangani
TRC20 ni mtandao wa Tron, na ada yake hailipwi kwa USDT, inalipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao huo. Mtu akutumie TRX 30 hivi kwenye anwani ya zamani, zitatosha.

Bi_Mikindani
Na hayo maneno mapya usipige picha mwanangu.

Kiduku_Lindi
Karatasi mchwa wataila. Chonga kwenye bati.

FundiRahaleo
Bati gani Mtwara hii, upepo wa bahari? Mwaka mmoja linaota kutu, husomi kitu. Labda stenlesi, nayo uigonge kwa herufi za chuma, usiikwaruze kwa msumari.

KoroshoGhafi
Karatasi mbili zilizotiwa laminesheni, nyumba mbili tofauti. Mnapenda gharama.

Nahodha_Shangani
Laminesheni unampa mwenye steshenari asome maneno yako. Tia kwenye chupa kavu.

Mzee_Nachingwea
Benki Kuu si walitoa tangazo Novemba 2019 wakakataza hizi sarafu? Mnashauriana mambo gani?

Kiduku_Lindi
Mzee, mwaka 2024 serikali ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye hizohizo.

KoroshoGhafi
Kodi ni kodi. Nani anajua mnada wa Ijumaa Tandahimba unafanyika?

Mwana_Chikongola
Wakuu, nani ana TRX 30 hapa mjini? Nalipa kwa simu. Betri imeanza kushuka haraka.