Msaada: tofali zimeisha msingi bado, mkadiriaji amenipunja kwenye BOQ?

Kiwanja_Kipya
Habari zenu wakuu. Najenga nyumba ya vyumba vitatu, mita 12 kwa 9 kwa nje, kuta za tofali zenye unene wa sentimita 20. Nilimlipa mkadiriaji majenzi aniandalie BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake, ili nijue ninachoingia. Kwenye ukuta wa msingi ameandika mita za mraba 60, nikanunua tofali 800. Zimeisha, na upande mmoja ukuta haujafika hata nusu. Fundi anataka nyingine 500. Sasa ama mkadiriaji hajui kazi, ama fundi ananiibia. Nimwandikie mkadiriaji barua ya kudai pesa yangu? Usiku silali.

Kamba_na_Timazi
Kaka, tatizo hilo hapo. Nyumba ya 12 kwa 9 ina mzunguko wa mita 42. Mwangalie mkadiriaji wako, nina hakika ameandika pungufu. Hawa wa ofisini hupunguza ili bei ionekane nzuri. Mimi ni fundi, nayaona kila siku.

Kiwanja_Kipya
Kweli! Nimeangalia, ameandika 41.2 kuta za nje na 25 kuta za ndani. Kwa hiyo kanipunja?

Bi_Vipimo
Hajakupunja. Ukuta hupimwa kwa mstari unaopita katikati ya unene wake. Ukizunguka kwa nje unapata 42, lakini kila kona unaihesabu mara mbili, ukutani huku na ukutani kule. Kona ziko nne, unatoa sentimita 20 kwa kila moja, inabaki 41.2. Jumlisha 25 za ndani, zidisha kwa kimo cha 0.9, unapata karibu 60. Tofali lenye uso wa 40 kwa 20 pamoja na udongo wake wa kuungia huingia 12 na nusu kwa mita ya mraba, yaani kama 745. Zilizobaki hadi 800 ni za kuvunjika. Hesabu yake imenyooka.

Na hata ungetumia 42, mita 0.8 za ukuta haziwezi kula tofali 500. Kinachokula tofali hapo ni kimo. Hiyo 0.9 aliitoa wapi? Kwenye ramani yako kuna mkato unaoonyesha msingi na levo za ardhi?

Bati_Juu
Mimi yalinikuta kwenye paa. Mchoraji hakuandika mwinuko wa paa, aliyekadiria akachukua nyuzi 25, fundi akapandisha 35 kwa sababu mke wangu alitaka paa lisimame. Eneo la chini ni lile lile, lakini kwa nyuzi 25 bati linazidi eneo la chini kwa asilimia 10, na kwa 35 linazidi kwa 22. Nimelala na nyumba imefunikwa turubai nusu. Kwa hiyo mkuu, kabla hujafika juu angalia paa.

Kiwanja_Kipya
Paa bado mbali. Bi Vipimo, mkato upo, unaonyesha ardhi tambarare, sakafu imepanda 0.3 juu ya ardhi na msingi umeshuka 0.6. Ndiyo 0.9 yenyewe.

Bi_Vipimo
Na kiwanja chako ni tambarare?

Kiwanja_Kipya
Kinateremka kidogo.

Bi_Vipimo
Kidogo kiasi gani? Chukua mpira wa maji, shika ncha moja kona ya juu na nyingine kona ya chini, upime tofauti.

Kiwanja_Kipya
Fundi alishapima siku ya kuchimba. Mita 1.2 kutoka mwisho mmoja wa nyumba hadi mwingine. Lakini naomba tusibadilishe mada. Mkadiriaji ni mtaalamu, alipaswa kujua.

Mama_Ramani_Kwanza
Alipaswa kujua vipi, mwanangu? Ulimpeleka kiwanjani?

Kiwanja_Kipya
Sikumpeleka. Nilimtumia ramani tu. Na ramani ni ya shemeji yangu, alijengea nyumba yake, nikaona kwa nini nilipe mchoraji wakati nyumba ninayoitaka ni ile ile. Nilimwomba tu aliyeichora aongeze chumba kimoja ukubwa kidogo. Nyumba ya shemeji imesimama vizuri, hivyo sioni kosa la ramani.

Mama_Ramani_Kwanza
Nyumba ni ile ile, ardhi je? Watu mnakwepa gharama ya mchoraji halafu mnailipa mara tatu kwa tofali. Shemeji yako alijenga kwenye uwanja wa mpira, wewe unajenga kwenye ngazi.

Bi_Vipimo
Sasa tumefika. Sakafu haiteremki na ardhi. Upande wa juu inakuwa 0.3 juu ya ardhi kama mkato unavyosema, upande wa chini inakuwa 1.5. Kuta mbili ndefu zinaongezeka wastani wa 0.6, ukuta wa mwisho wa chini unaongezeka 1.2 yote, wa juu hauongezeki. Ukijumlisha zote za nje ni kama kuzidisha 41.2 kwa 0.6, unapata mita za mraba 24.7. Za ndani, nikichukulia zimesambaa sawasawa, ni 15. Jumla 40 za ziada, mara 12.5, tofali 500. Fundi wako hajakuibia hata moja.

Na tofali ndiyo sehemu ndogo. Sakafu kwa ndani ni 11.6 kwa 8.6, karibu mita za mraba 100. Kuna pengo la wastani wa 0.6 ambalo BOQ haina. Ukitoa nafasi ya kuta za ndani, ni kifusi cha mita za ujazo 57 kikiwa kimeshindiliwa. Lori linaleta udongo uliolegea, kwa hiyo utanunua zaidi, pengine robo zaidi, inategemea udongo. Umeshaanza kujaza?

Kiwanja_Kipya
Lori linakuja kesho asubuhi. Nimeshalipia. Nikisimamisha, mafundi wanaondoka kwenda saiti nyingine.

Mchungulia_Nyuzi
Samahani nivuruge kikao. Mimi hii hadithi siiamini. 12 kwa 9 ni namba za darasani, ulalo wake unatoka 15 kamili. Mteremko 1.2, ziada 500 bila kubaki tofali. Mtu ana mtihani wa ukadiriaji, anatafuta majibu bure. Mleta mada, taja vipimo vya vyumba vya upande mrefu kama nyumba ipo.

Kamba_na_Timazi
Nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Kiwanja_Kipya
Mtihani gani, nina umri wa kuwa mzazi wako! Nasoma kwenye ramani, kutoka kushoto: ukuta 0.2, chumba 3.6, ukuta 0.2, sebule 4.0, ukuta 0.2, chumba 4.0, ukuta 0.2. Chini yake imeandikwa 12.0.

Mchungulia_Nyuzi
Jumlisha mwenyewe. 12.4. Namba za kutunga hazijumlishiki.

Bi_Vipimo
Mimi ndiyo kwanza nimemwamini. Mwanafunzi angetunga namba zinazokubaliana. Hii ni ramani iliyoguswa: chumba kilikuwa 3.6, kikaongezwa kuwa 4.0, aliyekiongeza akasahau kubadili jumla. Mkadiriaji alitumia 12.0 ya nje, ndiyo maana ana 41.2. Mimi kwenye kazi yangu, kabla sijapima chochote, najumlisha vipande vyote nilinganishe na jumla. Visipokubaliana namwandikia mchoraji nisubiri jibu, sichagui mwenyewe. Hilo mkadiriaji wako alipaswa kuliona, na hapo una haki ya kumuuliza.

Fundi naye alifuata namba gani? Pima ulalo wa nje wa kuta, kona hadi kona. Ukipata 15.0 amejenga 12. Ukipata 15.32 amejenga 12.4. Pima zote mbili, zikitofautiana nyumba haiko mraba.

Kiwanja_Kipya
Nimetoka saiti sasa hivi. 15.32, zote mbili. Fundi anasema yeye hufuata vyumba, jumla haangalii.

Kamba_na_Timazi
Mita 12.4 na 9, mzunguko 42.8, toa kona 0.8, inabaki 42! Si nilisema 42 tangu mwanzo?

Bi_Vipimo
Umeipata 42 kwa nyumba nyingine, ndugu yangu. Lakini ndiyo, sasa ni 42.

Kiwanja_Kipya, simamisha lori. Si kwa ajili ya vipimo peke yake. Ukuta wa sentimita 20 ulioandaliwa kushika kifusi cha 0.3 juu ya ardhi, sasa unaupa 1.5 upande wa chini. Udongo ukishindiliwa, na zaidi ukilowa, unausukuma ukuta kwa nje. Utaona ufa wa kulala katikati ya kimo, au tumbo ukiweka timazi. Mhandisi aangalie kabla: huenda akataka ukuta mnene, nguzo, au ukate sakafu iwe na ngazi moja ndani, upande wa chini ushuke. Ukishusha nusu ya nyumba kwa 0.6, karibu nusu ya kifusi hicho cha ziada inaondoka.

Kiwanja_Kipya
Ngazi ndani ya nyumba sitaki, mama anaumwa magoti. Na nikikubali kosa la ramani ni langu, mkadiriaji anaponaje?

Bi_Vipimo
Fungua ukurasa wa msingi kwenye BOQ. Juu au chini kuna sentensi inayosema vipimo ni vya muda?

Kiwanja_Kipya
Ipo. "Vipimo vyote vya msingi ni vya muda, vitapimwa upya baada ya kujengwa." Nilidhani ni maneno ya kawaida tu.

Bi_Vipimo
Msingi huandikwa hivyo kwa sababu hakuna anayeona ardhi ilivyo hadi ichimbwe. Maana yake mnapima pamoja kabla haujafukiwa: kimo cha ukuta kila kona na kila mahali zege la msingi linaporuka ngazi, mnaandika, wote mnasaini. Ukifukia kesho, fundi akidai tofali 700 badala ya 500 utampinga kwa nini?

Bati_Juu
Na paa sasa ni 12.4, usisahau.

Kiwanja_Kipya
Lori nimelirudisha, dereva kakasirika. Mhandisi anakuja keshokutwa. Mkadiriaji nimempigia, anasema hagusi namba mpaka apate ramani moja iliyosahihishwa, yenye levo za kiwanja changu, na kupima upya ni malipo mengine. Hilo la malipo sijalikubali. Hiyo 12.4 ilikuwepo kwenye ramani aliyonayo.

Mama_Ramani_Kwanza
Mlipe.

Bi_Vipimo
Kwa mteremko, mlipe. Kwa zile 0.4, mimi nisingelipa.