Kiti cha choo kinakwenda upande: nikaze bolti, nibadilishe vifaa au ninunue kipya?

mama_bombo: Jamani nisaidieni, kiti cha choo ukikikalia kinakwenda upande na Jumamosi nina wageni. Fundi mmoja kasema ninunue kizima, dukani wanataka 65,000, mwingine anasema ni bolti tu. Nishike lipi?

fundi_kisenyi: Dada hujatuambia kitu. Bolti za chuma au plastiki? Ukipitisha mkono chini ya sinki la choo kule nyuma, nati unaishika?

mzee_wa_arua: Nunua kipya tena cha mbao, hivi vya plastiki havidumu.

mama_bombo: Plastiki, na nati naishika. Niliikaza juzijuzi ikatulia kidogo halafu yaleyale.

fundi_kisenyi: Basi raba zimekwisha. Tundu la kwenye sinki limeachwa pana kuliko bolti ili uweze kusogeza kiti kikae sawa, sasa kinachozuia bolti isicheze mle ndani ni ile raba yenye umbo la koni, ikilika utakaza mpaka uchoke. Fungua vifuniko vya bawaba, shika kichwa cha bolti kwa bisibisi, zungusha nati kwa chini mpaka itoke. Raba ikiwa bapa au haipo nunua seti mpya, nenda na ya zamani mkononi. Ukirudisha weka kiti katikati, kaza kwa vidole, umalizie robo mzunguko tu kwa koleo.

salim_jinja: Mimi huweka silikoni chini ya bawaba, hakisogei ng'o.

fundi_kisenyi: Inashika kweli, ila siku ya kukitoa utakwangua mpaka ukome, na bolti bado haina raba.

shemeji_K: Msikaze kwa hasira nawaomba. Nyumba tuliyopanga zamani bolti zilikuwa za chuma zimekula kutu, jamaa akaja na spana ndefu akavuta kwa nguvu zake zote, tukasikia ta! ufa ukatoka kwenye tundu hadi ukingoni na sinki zima likatupwa, mwenye nyumba akatudai sisi. Bolti yenye kutu inakatwa kwa msumeno wa chuma, unabandika utepe kwanza usikwaruze kauri.

nuru256: Choo changu kinavuja maji sakafuni, ni raba hizohizo?

fundi_kisenyi: Hapana, kwenye raba za kiti hakupiti maji. Anzisha mada yako dada.

salim_jinja: Mzee, nyumba ya watu wanaotawadha unawashauri mbao? Rangi ikibanduka tu inakunywa maji na kuvimba.

mzee_wa_arua: Changu kipo miaka na tunatawadha humohumo.

mama_bombo: Nimefungua. Upande wa kulia raba haipo kabisa! Ila bawaba yenyewe nayo naona inacheza.

fundi_kisenyi: Bana mguu wa bawaba kwa vidole halafu tikisa kiti. Mguu ukitulia kiti kikacheza, pini imelika, hapo bolti mpya peke yake haitoshi.

mzee_wa_arua: Si nilisema anunue.

salim_jinja: Bawaba zinauzwa peke yake, ulizia madukani Nabugabo, Kampala.

fundi_kisenyi: Apime kwanza kutoka katikati ya tundu hili hadi lile, na nafasi ya skrubu kwenye kiti, hazilingani zote. Dada, mguu umetulia au la?