Tupeane uzoefu: ofa yako ya kwanza ya siku moja, ulipunguza bei kiasi gani na mfukoni kilibaki nini?

Mama Mashuka (Moshi)

Habari za leo wapendwa. Nauza mashuka hapa Moshi. Nina fremu ndogo, na wateja wengine wananipata kupitia stetasi ya WhatsApp. Mwezi uliopita nilifanya ofa yangu ya kwanza, Jumamosi moja tu. Nawaeleza ilivyokwenda, nanyi mtuambie zenu, maana sitaki mwingine aingie nilipoingia mimi.

Shuka la sita kwa sita nauza 35,000. Kariakoo nalichukua kwa 21,000. Nikapiga hesabu kwamba nikipunguza asilimia 30 nitauza 24,500, bado nabaki na 3,500 kwa kila shuka, si haba. Nikaongezea na "tunakuletea bure mjini". Jamani, watu walikuja! Hadi saa 12 jioni mashuka 38 yalikuwa yameondoka, na lipa namba ina 931,000. Sijawahi kushika hela hiyo kwa siku moja.

Jumapili baada ya ibada nikakaa na daftari. Nauli ya mzigo kutoka Dar, ukiigawa kwa kila shuka, ni 1,000. Mfuko na utepe ninaofungia ni 500. Kumbe shuka linanisimamia 22,500, siyo 21,000. Kurudisha mzigo wa mashuka 38 nahitaji 855,000, inabaki 76,000. Boda alipeleka oda 27 kwa 2,000 kila moja, hiyo ni 54,000. Nikabaki na 22,000, na binti anayenisaidia dukani sijamlipa bado. Siku ya kawaida nauza mashuka 4 na napata 50,000.

Kilichoniuma zaidi ni wiki 2 zilizofuata. Wateja wangu wa siku zote wanapita, wanashika shuka, wanauliza, "Mama, ofa inarudi lini?" Kisha wanaondoka.

Kijana wa Kilombero

Pole mama, ila ofa si ya kuogopa, mimi naifanya kila siku hapa sokoni Arusha. Asubuhi sado ya nyanya nauza 5,000, ikifika saa 11 jioni naiachia hata kwa 2,500. Bora hela mkononi kuliko mzigo.

Mzee wa Viatu (Arusha)

Kijana, wewe unakimbizana na nyanya, kesho zitakuwa zimelainika. Shuka la mama likilala dukani leo, kesho bado ni la 35,000. Wewe usiposhusha unapoteza yote, yeye akishusha anapoteza kile ambacho angekipata tu akisubiri. Ni mambo mawili tofauti.

Mama, nimeuza viatu miaka mingi na nimefanya ofa nyingi, nyingine zimeniliza. Tuchukue shuka lako hilohilo. Kwa bei kamili unapata faida 12,500. Ukipunguza asilimia 10 bei inakuwa 31,500, faida 9,000. Ukipunguza 20 bei ni 28,000, faida 5,500. Ukipunguza 30 ndiyo ile 24,500, na faida ni 2,000. Kariakoo hawakupunguzii kitu kwa sababu una ofa, wala basi halishushi nauli. Kila shilingi unayoishusha inatoka kwenye faida yako peke yake.

Sasa igeuze hesabu. Siku yako ya kawaida inakupa 50,000. Kuifikia kwa punguzo la 10 unahitaji mashuka 6. Kwa 20 unahitaji 10. Kwa 30 unahitaji 25, na hapo boda analipwa na mteja. Ukibeba wewe ile 2,000 ya boda, oda hiyo haina faida kabisa, hata ukiuza mia. Kabla ya kuandika bei kwenye stetasi jiulize: hao watu 10 ninao? Na wangapi kati yao wangekuja wenyewe wiki ijayo kwa 35,000? Hao wa wiki ijayo ndio waliokufanya ukae bure wiki 2. Ndiyo maana mimi ofa siipimi kwa siku moja. Najumlisha faida ya siku ile na ya wiki 2 baada yake, kisha nalinganisha na wiki za kawaida.

Bei Chee

Wakuu mnajisumbua. Wiki moja kabla, pandisha shuka hadi 45,000. Siku ya ofa shusha asilimia 30, unauza 31,500. Mteja anafurahi na wewe bado unabaki na faida ya 9,000. Mimi nauza mabegi karibu na stendi na inalipa.

Mama Mashuka (Moshi)

Kaka, kwako wanapita wasafiri. Kwangu wananunua watu wa kanisa langu na majirani. Stetasi yangu ya mwezi uliopita wameitunza kwenye simu, mmoja alishawahi kunionyesha bei ya zamani.

Mzee wa Viatu (Arusha)

Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei. Lakini Bei Chee ana nusu ya ukweli: bei ya kawaida ikipangwa kwa kubana sana, huna pa kushukia. Ni heri bei ya kila siku iwe na nafasi tangu mwanzo, kuliko kuipandisha wiki ya ofa.

Nililojifunza kwa kuumia: usishushe duka zima. Kwangu zinabaki namba 36 na 41 za kila aina. Nilichukua jozi 20 za namba hizo tu, asilimia 25, saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, mtu mmoja jozi 2. Za katikati zilibaki na bei yake, na waliofuata ofa wakakosa namba yao, baadhi wakanunua hizo. Kwa mzigo uliokwama mwaka mzima mimi nashuka hata karibu na bei ya mtaji, kwa sababu hela ile naigeuza kwenye kiatu kinachotoka. Mama, ni rangi gani zimekugomea?

Mama Mashuka (Moshi)

Maua makubwa ya kahawia. Yapo 15. Siku ile sikuyatenga, nikauza meupe ambayo yangeisha yenyewe!

Fundi Pazia (Moshi)

Mimi sigusi bei. Vipande vinavyobaki kwenye mapazia nashona foronya, pea inanisimamia 3,000 pamoja na uzi, dukani inauzwa 6,000. Anayenunua pazia 2 namzawadia pea moja. Mteja anaona amepata 6,000, mimi nimetoa 3,000, na bei ya pazia haijachafuka.

Mzee wa Viatu (Arusha)

Nimejaribu soksi za zawadi. Wa zamani walifurahi, mgeni hata mmoja hakuja. Bei ndiyo inayomvuta mgeni.

Fundi Pazia (Moshi)

Kwangu wageni wamekuja. Labda soksi na foronya si sawa.

Mama Mashuka (Moshi)

Asanteni sana. Nimepanga hivi: yale 15 ya maua tu, 29,000, saa 9 hadi saa 12 jioni, boda analipa mteja. Yakiisha yote nina faida ya 97,500. Linalonisumbua ni siku. Desemba sishuki hata mia, ndugu wanarudi nyumbani Krismasi na kila mama anatandika vitanda vya wageni. Januari watu wana ada za shule. Mwisho wa mwezi mshahara upo, lakini si ndipo wangenunua kwa bei kamili?

Bei Chee

Tarehe 15.

Fundi Pazia (Moshi)

Tarehe 15 nani ana 29,000? Mimi nasema tarehe 26. Meupe yafiche kabatini saa hizo 3, wasianze kukuombea punguzo la hayo pia.