Jamaa wa Mkomani: barua ya sarafu za marehemu Baba

IJUMAA

Zuhura (8:40 mchana): Assalaamu alaykum jamaa wote. Barua ya Mama ya kwenda kwenye nyumba ya mnada ya London iko tayari. Naiweka hapa ili kila mwenye neno aliseme leo, kwa kuwa kesho Fahmi ataitafsiri na Jumatatu inaondoka. Nawaomba msijibu kwa kidole gumba peke yake.

Zuhura (8:41 mchana): *Kwa Mkuu wa Idara ya Sarafu. Mimi ni mjane, mkazi wa Lamu, Kenya. Marehemu mume wangu alikusanya sarafu za kale kwa muda mrefu wa maisha yake, na ameniachia kasha lake bila daftari la maelezo. Ndani yake mna riale thelathini na moja za fedha zenye sura ya Malkia Maria Theresa, zote za mwaka 1780, na nne kati yake zina vikuku vilivyoungwa kwa ajili ya kidani. Mna riale moja ya Sayyid Barghash wa Unguja ya mwaka 1299, pesa zake za shaba zenye picha ya mizani ambazo zimejaa nusu ya mkebe wa biskuti, na rupia moja ya Mombasa ya mwaka 1888. Mwisho, mna vipande sita vidogo vya fedha, vyembamba kama ganda la kitunguu, ambavyo mume wangu aliviokota katika magofu ya Shanga. Sarafu zimesafishwa na zinang'aa. Naomba mnijulishe thamani ya kila moja na namna ya kuzituma. Wenu mtiifu, Bi Maryam.*

Fahmi (8:55 mchana): Dada, umeiandika vizuri, lakini hiyo ya 1299 ingetangulia, maana ina zaidi ya miaka mia saba. Hata Ngome ya Lamu haijafikia nusu ya umri huo. Hiyo moja ikiuzwa, Mama atajenga ghorofa.

Mahmoud wa Mombasa (9:20 alasiri): Fahmi, mwaka 1299 ulioandikwa pale ni wa Hijria, nao unaangukia 1881 na 1882, wakati Sayyid Barghash yuko kwenye kiti. Angekuwa ametawala miaka mia saba iliyopita, tungemsoma pamoja na masultani wa Kilwa.

Fahmi (9:22 alasiri): Basi ghorofa imekuwa kibanda. Na hizo za 1780?

Shangazi Rukia (9:31 alasiri): Wanangu, na mimi nina senti za tundu za Mfalme George, kopo zima, na shilingi zenye simba. Andikeni na zangu humo humo, barua ni moja na stempu ni moja.

Zuhura (9:33 alasiri): Shangazi, barua hii ni ya mali ya Baba. Tukichanganya vitu vya watu wawili, watauliza ni nani anayeuza.

Mahmoud wa Mombasa (9:58 alasiri): Shangazi, senti za tundu zilitengenezwa kwa mamilioni. Ziweke, wajukuu wachezee. Nirudi kwenye barua. Zuhura, pale ulipoandika "zote za mwaka 1780", tafadhali uandike "zenye tarehe ya 1780". Maria Theresa alifariki mwaka huo, lakini watu wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walikwisha kuizoea sura yake na hawakutaka riale nyingine, kwa hiyo wazungu wakaendelea kuipiga kwa tarehe ile ile. Imepigwa Vienna, na katika karne iliyopita imepigwa pia Rumi, London, Paris, Brussels, Birmingham, na hata Bombay wakati wa Vita vya Pili. Riale ya Baba huenda ilitoka kiwandani mwaka 1780, na huenda ilitoka wakati yeye mwenyewe yuko chuoni anasoma msahafu.

Fahmi (10:04 alasiri): Kwa hiyo malkia amekufa lakini bado anafanya kazi. Huyu angefaa kuwa mwenyekiti wa kikundi hiki.

Zuhura (10:05 alasiri): Fahmi, tafadhali. Mahmoud, watajuaje ipi ni ya zamani?

Mahmoud wa Mombasa (10:21 alasiri): Wao hutazama vitu vidogo: lulu za kwenye pini ya bega lake, manyoya ya mkia wa tai, na maandishi ya Kilatini yanayozunguka ukingo. Ndiyo maana picha ya upande mmoja haiwatoshi. Wanataka mbele, nyuma na ukingo, sarafu moja moja, juu ya karatasi nyeupe, na rula kando yake. Kisha kila moja ipimwe. Riale kamili ina gramu 28 na kidogo, na ndani yake fedha safi ni gramu 23 na ushee. Ikionekana pungufu sana, ama imesagika, ama imekatwa, ama ni ya kuigiza. Mkiisogezea sumaku ikanasa, hiyo si ya fedha. Ila isiponasa msifurahi bado, kwa sababu risasi na shaba pia hazinasi.

Mahmoud wa Mombasa (10:26 alasiri): Na msitarajie makubwa kwa hizi thelathini na moja. Nyingi zitapewa bei iliyo karibu na ya fedha yenyewe, na zile nne zenye vikuku zitakuwa chini zaidi machoni pa mkusanyaji, kwa sababu zimechomwa moto na kuungwa. Macho yao yatakwenda kwenye riale ya Barghash na rupia ya Mombasa. Hiyo rupia ni ya kampuni ya Waingereza iliyoshika pwani kabla ya serikali yao, na kama ina herufi ndogo H, imetoka kiwanda cha Heaton kule Birmingham. Je, ni kweli kwamba zimesafishwa?

Mama (10:40 alasiri): Ni kweli. Baada ya arobaini alikuja mtu akazisugua kwa ndimu na jivu ili wageni wazione. Sitamtaja, lakini yumo humu na anasoma.

*[Fahmi amefuta ujumbe huu]*

Mahmoud wa Mombasa (10:52 alasiri): Innalillahi. Mama, ile rangi ya kijivu ambayo sarafu huivaa kwa miaka ndiyo inayomthibitishia mnunuzi kwamba uso wake haujaguswa. Ikisuguliwa hubaki mikwaruzo inayoonekana kwa kioo cha kukuzia, na bei hushuka wala hairudi. Katika barua andikeni waziwazi kwamba zimesuguliwa. Wataona wenyewe, na ni bora waone kwamba mliwaambia. Zile za shaba za kwenye mkebe, je, ziliguswa?

Fahmi (10:55 alasiri): Hazikuguswa. Ndimu ziliisha.

Shangazi Rukia (11:10 jioni): Mnazungumza bei za London, na mimi nakumbuka kidani cha Mama yetu cha riale kumi. Kilikwenda Dubai mkononi mwa Salim ili kiuzwe kwa bei nzuri, na kilichorudi ni jokofu. Sisi mabinti hatukuonyeshwa hata risiti. Sasa kasha zima linataka kupanda ndege, tena kwa haraka.

Zuhura (11:14 jioni): Shangazi, hakuna kinachopanda ndege. Barua inaomba makadirio tu.

Shangazi Rukia (11:15 jioni): Barua yako inauliza "namna ya kuzituma". Nimesoma mpaka mwisho, mwanangu.

Fahmi (11:17 jioni): Kwa haki ya Mungu lile jokofu linapoza mpaka leo.

Zuhura (11:30 jioni): Salim, umo humu, ujumbe umeuona. Tunaomba neno lako.

JUMAMOSI

Mahmoud wa Mombasa (3:05 asubuhi): Shangazi amegusa jambo ambalo nilikuwa nalichelewesha. Sheria ya Makumbusho ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na hakitoki nchini bila kibali. Riale ya Barghash imo, pesa zake za shaba zimo, na rupia ya Mombasa imo. Kichekesho ni riale za Maria Theresa: tarehe yake inasema 1780, lakini iliyopigwa baada ya vita haikuwepo duniani mwaka 1895. Ofisa wa bandarini ataisoma tarehe na kuizuia, nanyi mtakosa karatasi ya kumwonyesha. Kwa hiyo katika barua ondoeni swali la kutuma, na mahali pake mwulize kama wanakubali kutoa makadirio kwa picha, ada ya muuzaji ni asilimia ngapi, na sarafu isipofikia bei ya chini tuliyokubaliana, nani analipa gharama.

Zuhura (3:20 asubuhi): Nimebadilisha. Vile vipande vya Shanga je, navyo vinahitaji kibali?

Mahmoud wa Mombasa (3:24 asubuhi): Hivyo nisingeviandika kabisa mpaka

Mahmoud wa Mombasa (3:24 asubuhi): Samahani, Ami Shee anaandika. Nangoja.

Ami Shee (3:41 asubuhi): Wanangu, nimesoma yote tangu jana. Marehemu ni ndugu yangu wa tumbo moja, na siku aliyoviokota vile vipande sita nilikuwa naye, kwa sababu jahazi lilikuwa langu. Sheria inataka ukiokota kitu cha kale kwenye magofu utoe taarifa Makumbusho, naye alijua. Aliniahidi kwamba angevipeleka, kisha maradhi yakamtangulia. Ahadi ya maiti ni deni, na deni hulipwa kabla ya mirathi. Vipande hivyo havitaandikwa kwenye barua wala havitapigwa picha. Vingine vyote ni tirka. Maryam ana thumni yake, na kinachobaki ni cha watoto, mume fungu mbili na mke fungu moja. Kuuliza bei si kosa, kwa kuwa hamwezi kugawa msichokijua. Lakini barua iliyoandikwa kama kwamba muuzaji ni mjane peke yake siikubali, na yeye mwenyewe hataki, isipokuwa hajawaambia.

Mama (3:50 asubuhi): Ni kama alivyosema Shee.

Zuhura (4:15 asubuhi): Nimesikia, Ami. Nitaandika: "Naandika kwa niaba ya warithi, na hakuna kitakachouzwa kabla ya mirathi kukamilika mbele ya Kadhi." Vipande vya Shanga nimeviondoa. Je, nani atavipeleka Makumbusho?

Zuhura (5:30 asubuhi): Narudia, nani atavipeleka?

Fahmi (6:02 mchana): Mimi nakwenda kwa sonara wa Langoni na riale, ana mzani wa gramu wenye nukta. Lakini anataka kuzinunua papo hapo kwa bei ya fedha, na ameuliza kama tuna nyingine.

Mahmoud wa Mombasa (6:10 mchana): Usizibebe zote, Fahmi. Beba tano, rudi nazo tano, na uzito wa kila moja uuandike kwenye bahasha yake.

Shangazi Rukia (6:25 mchana): Aandamane na mtu. Na senti zangu apime njiani.

Zuhura (7:00 mchana): Tafsiri imeahirishwa mpaka picha zipigwe upya, maana zile za kwanza Fahmi aliziweka juu ya kitambaa cha maua na haisomeki hata herufi. Jumatatu haitawezekana. Ami, nakusubiri kuhusu Makumbusho.

JUMATATU

Salim, Maskati (2:12 usiku): Assalaamu alaykum. Nilikuwa kazini. Kidani kilikuwa cha riale tisa, si kumi, na risiti ninayo. Na hiyo barua, kabla haijaondoka, nani kati yenu ana ufunguo wa kasha?