Naomba ushauri: fonti ya serifu au sanserifu kwenye kikaratasi cha maelezo ya dawa?

Mpangakurasa: Habari zenu wakuu. Napanga kikaratasi cha maelezo kinachofungwa pamoja na chupa. Maandishi nimeweka Bodoni, ni serifu, yaani ina vijiguu kwenye ncha za herufi, na inapendeza sana. Jedwali ndani yake liko kwenye fonti nyingine na mteja anasema vitu haviendani. Nataka jedwali nilihamishie Gill Sans, ambayo ni sanserifu isiyo na vijiguu, ili lionekane la kisasa. Je, serifu na sanserifu zinakaa pamoja kwenye karatasi moja, au nifanye zote aina moja? Nina haraka, kesho natakiwa kujibu.

Mwalimu_Mstaafu: Kanuni ni rahisi kijana. Serifu ni ya karatasi, sanserifu ni ya skrini. Vile vijiguu vinaliongoza jicho kwenye mstari, ndiyo maana vitabu vyote vinavyo. Weka zote serifu, umemaliza.

Nuru_ya_Asubuhi: Na mimi nina swali hapohapo. Kadi ya harusi ya mdogo wangu, nitumie ipi kati ya hizo mbili?

Wino_Mweusi: @Mpangakurasa kuchanganya hakuna shida, magazeti mengi yanafanya hivyo, kichwa aina hii na habari aina ile. Ila hujasema la maana. Chupa ya nini? Herufi zina pointi ngapi? Jedwali linaonyesha nini?

Mpangakurasa: Ni dawa tu, mkuu. Swali langu ni la mwonekano.

Wino_Mweusi: Dawa ya nini na jedwali la nini? Bila hivyo nitakuwa nakukisia tu.

Mpangakurasa: Sawa. Ni dawa ya kuua wadudu wa mimea. Jedwali ni vipimo vya kuchanganya na maji, mfano "15 ml kwa 1 l". Herufi ni pointi 7 kwa sababu karatasi ni ndogo. Maandishi ni meupe juu ya nyeusi. Mteja ameshaipenda hiyo Bodoni, na kwa kweli hata mimi naona inaipa bidhaa hadhi.

Wino_Mweusi: Hapo ndipo penye kazi. Chukua Bodoni uikuze mpaka herufi moja ijaze skrini. Utaona mistari ya kusimama ni minene sana na ya kulala ni myembamba kama unywele. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa hadhi, na ndiyo sababu utaiona kwenye chupa za manukato na majarida ya mitindo. Sasa irudishe pointi 7, nyeupe ndani ya nyeusi. Herufi nyeupe haina wino, ni tundu lililoachwa katikati ya wino. Wino ukitambaa kidogo tu, ule unywele unazibwa. Mstari wa katikati ya "e" unapotea na "e" inakuwa "c". Daraja la "n" linakatika, vinabaki vijiti viwili. Kama hiyo nyeusi imejengwa kwa wino wa rangi zaidi ya moja ni mbaya zaidi, maana rangi moja ikisogea kidogo inaingia ndani ya herufi.

@Nuru_ya_Asubuhi kadi ina maneno machache na makubwa, yoyote itafaa. Majina yakiwa kwa fonti ya mwandiko, weka saa na mahali kwa fonti iliyotulia.

Mwalimu_Mstaafu: Kwa hiyo unakubali serifu haifai? Mimi nimesema serifu ndiyo ya karatasi.

Wino_Mweusi: Mwalimu, sikusema hivyo. Bodoni ni serifu na Georgia ni serifu, lakini mistari ya Georgia ina unene wa kutosha, pointi 8 inasomeka vizuri. Tena Georgia ilichorwa miaka ya 1990 mahsusi kwa ajili ya skrini, kwa hiyo kanuni ya karatasi na skrini haisimami. Hilo la vijiguu kuongoza jicho limepimwa mara nyingi na majibu hayakubaliani. Ukubwa, nafasi kati ya mistari na mazoea ya msomaji vina uzito zaidi.

Mwalimu_Mstaafu: Mimi bado naona kitabu kisicho na serifu kinachosha. Lakini la wino nimelielewa.

Jicho_Kali: Wakuu, hii ni chai. Nimemuomba faragha picha ya jedwali, akaniambia fonti yake haina vijiguu. Nimeangalia: "I" kubwa ina kijiguu juu na chini! Mtu anayepanga kurasa kwa kazi hajui serifu ni nini? Anatunga.

Mpangakurasa: Situngi. Programu ndiyo imeichagua, sikuigusa. Herufi nyingine zote hazina.

Wino_Mweusi: @Jicho_Kali tulia kwanza. @Mpangakurasa angalia jina la fonti kwenye programu.

Mpangakurasa: Verdana.

Wino_Mweusi: Basi anasema kweli. Verdana ni sanserifu, ila "I" yake kubwa iliwekewa vijiguu makusudi isifanane na "l" ndogo. Tahoma nayo ni hivyo. Ndiyo maana hatutambui fonti kwa "I" peke yake. Tazama "n", "r" na "T": miguu ya "n" ikiishia wima bila kitu, ni sanserifu.

Na hapa ndipo nakuomba usihamie Gill Sans. Humo namba 1, "I" kubwa na "l" ndogo zote ni kijiti kimoja kilichonyooka. "1 l" yako itasomeka 11. Mkulima ataweka ml 15 kwenye lita 11 za maji, dawa itakuwa hafifu na wadudu hawatakufa. Verdana namba 1 ina kofia na kikanyagio, haichanganyiki. Tena herufi zake ndogo ni ndefu kwa kimo, hivyo pointi 7 yake inaonekana kubwa kuliko pointi 7 ya Bodoni.

Jicho_Kali: Hilo la Verdana sikulijua. Naondoa neno. Ila kwa nini asiandike tu "lita"?

Wino_Mweusi: Ndiyo bora kuliko yote. Nafasi ikibana aandike "L" kubwa, imeruhusiwa rasmi tangu 1979 kwa sababu hiyohiyo ya kufanana na 1.

Mpangakurasa: Lakini mteja anataka sura ya hadhi. Na sahani za kuchapia zimeshaagizwa.

Fundi_Karatasi: Kuagizwa si kutengenezwa, piga simu leo. Halafu chapa ukurasa mmoja kwa ukubwa wake halisi, usikuze. Utoe fotokopi, kisha fotokopi ya ile fotokopi. Mpe mtu ambaye hajauona asome vipimo kwa sauti.

Wino_Mweusi: Na hadhi usiitupe. Jina la bidhaa likiwa pointi 30, Bodoni inakaa vizuri, unywele wake una unene wa kutosha hapo. Maelezo yapeleke Georgia au Verdana, nyeusi juu ya nyeupe. Msomaji amezoea kuona maelekezo na vibao vya tahadhari bila vijiguu, kwa hiyo jedwali la sanserifu linamwambia "hapa fuata hatua". Hilo ni mazoea tu, lakini linakusaidia.

Mpangakurasa: Nimefanya fotokopi ya pili. Neno "lenye" limetoka "lcnyc", na "n" imekatika juu. Jedwali la Verdana limesomeka lote. Nimesimamisha sahani. Jina nalibakiza Bodoni. Usuli mweusi mteja bado anaung'ang'ania.

Fundi_Karatasi: Mwache mweusi kwenye jina peke yake. Na huo weusi uwe wa wino mmoja.