Pau za asilimia 100 au pau za idadi kamili: ipi niweke kwenye ripoti?

Jedwali
Wakuu, naandaa ripoti ya malalamiko ya wateja. Robo ya kwanza ya mwaka yalikuwa 1,000: malipo 200, ucheleweshaji 500, ubora 300. Robo ya pili 400: malipo 120, ucheleweshaji 160, ubora 120. Nikinyoosha pau zote mbili zifike asilimia 100, mgawanyo unaonekana vizuri. Nikiacha idadi, upau wa pili unakuwa mfupi na vipande vyake vinabanana. Nichague ipi?

Tarishi
Asilimia 100, bila kusita. Makundi yenye ukubwa tofauti hayalinganishiki vinginevyo. Tena itaonyesha wazi kwamba tatizo la malipo limekua, kutoka asilimia 20 hadi 30.

Mizani
Tarishi, hapo kwenye "limekua" ndipo penye hatari. Malalamiko ya malipo yamepungua, 200 hadi 120. Kipande chake kimepanuka kwa kuwa ucheleweshaji umeporomoka zaidi. Angalia na ubora: umeshuka kutoka 300 hadi 120, lakini kipande kimebaki asilimia 30 vilevile, na msomaji ataondoka akiamini hakuna kilichobadilika. Mgawanyo uko sahihi, ila habari kubwa ya robo hii, kwamba malalamiko yamepungua kwa asilimia 60, haimo kabisa kwenye chati.

Jedwali, chora mbili kwa safu zilezile: kushoto mgawanyo, kulia pau za kawaida za jumla. Malipo yaanzie ukingoni kushoto, maana kipande cha katikati hakina mstari wa pamoja wa kuanzia na jicho linashindwa kukipima.

BiHesabu
Mimi nina dodoso la idara. Idara moja walijibu 640, nyingine 12, na pau ni sawa kwa urefu. Bosi ameshaanza kuuliza kwa nini ile ndogo "imebadilika sana".

Mizani
Dada, kwenye watu 12 jibu la mtu mmoja ni zaidi ya asilimia 8. Andika idadi kando ya jina la kila idara, "watu 12", "watu 640". Na usitafute wastani wa asilimia za idara hizo mbili; rudi kwenye idadi halisi ujumlishe upya.

Tarishi
Kuhusu malipo nimekubali. Ila chati mbili msomaji huangalia moja tu. Kwa nini unene wa upau usifuate jumla, 1,000 kwa 400? Eneo la kila kipande litakuwa idadi yenyewe.

Mizani
Kwa pau mbili, sawa, inawezekana. Ila jicho hulinganisha urefu vizuri kuliko eneo. Malipo yatakuwa kipande kirefu chembamba dhidi ya kifupi kinene; nani atatambua kwamba ni 120 kwa 200?

Tarishi
Atakayesoma namba zilizoandikwa juu yake. Bado nasimama na unene.

Jedwali
Wakubwa wangu huanza na "yamepungua?", kwa hiyo jumla naitanguliza, mgawanyo ufuate. BiHesabu, wale 12 utawachora au utawaweka kwenye jedwali tu?